Geji ya Asubuhi na Vali Inayosingiziwa

“Jioni geji ya presha ya maji ya nyumbani ilisoma baa 3, asubuhi inasoma 7. Si vali ya kupunguza presha imekufa?”

Wanaojibu kwamba vali hiyo, inayoshusha presha ya bomba kuu kabla maji hayajaingia nyumbani, ibadilishwe hawakosi hoja. Mpira unaoziba kiti cha vali, yaani tundu maji yanapopita, huchakaa, na hata punje ya mchanga ikinasa hapo, maji ya bomba kuu hupenya polepole usiku kucha. Pale bomba kuu linapoleta baa 9, kuchelewa kuitengeneza kunaweza kupasua hosi ya sinki.

Hata hivyo, hukumu hiyo hutolewa mapema mno katika jengo lenye hita ya tangi. Lita 150 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi huongezeka kwa lita 2 na ushei. Kabla vali haijawekwa, ongezeko hilo lilirudi taratibu kwenye bomba kuu bila mtu kujua. Sasa vali nyingi hufunga njia hiyo, na kwa kuwa maji hayabanwi kirahisi, presha hupanda wakati kila mtu amelala na koki zote zimefungwa. Vali ya usalama ya hita inayodondosha alfajiri ni dalili ya jambo hilohilo, wala isizibwe kamwe.

Kuwatenganisha watuhumiwa hawa wawili si kazi ngumu. Zima hita, funga koki inayoiingizia maji baridi, fungua bomba la sinki kidogo ili geji irudi 3, kisha funga bomba zote za kuchotea maji, bila kugusa bomba kuu, na usubiri saa moja au mbili. Geji ikipanda, kiti cha vali kinavuja. Ikitulia, hita ndiyo chanzo. (Choo kinachovuja huharibu jaribio, kwa sababu hupunguza presha kimyakimya.) Na kama geji iliwahi kuzidi presha ya bomba kuu, yaani baa 9, vali peke yake haiwezi kulaumiwa: uvujaji hauwezi kuipita presha iliyousababisha.

Kosa linaloniudhi zaidi ni la anayeona 7 akakimbilia skrubu ya kurekebishia vali. Anailegeza, geji haitikisiki kwa sababu maji yamenaswa, anazidi kuilegeza, na asubuhi bafu la ghorofani halina nguvu. Ukipunguza, legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu robo mzunguko kinyume cha saa, fungua bomba kidogo, lifunge, ndipo usome. Geji kushuka kiasi maji yanapotiririka ni kawaida. Ikianguka sana ilhali maji yakisimama inasoma 3, safisha chujio la vali kwanza. Maji yakitoka kwenye tundu la kifuniko cha springi, kiwambo cha ndani ya vali kimechanika, na hapo mimi pia nakubali vali ifunguliwe.

Lakini hita ikiwa ndiyo chanzo, vali mpya itarudisha 7 ileile. Kinachohitajika ni tangi dogo la upanuzi kwenye bomba la maji baridi la hita, lililojazwa hewa ya baa 3 kabla ya kuunganishwa na maji.