"Sumakay na" ni amri au ni taarifa? Kutafsiri maelezo ya dharura kwa mabaharia Wafilipino

Tafsiri nyingi za maelezo ya dharura ninazozikuta zimebandikwa kwenye kabini za meli za mizigo ni Kifilipino sahihi, na bado hazifai. Zimetafsiriwa kama barua ya ofisini: sentensi ndefu, zenye heshima, zenye "endapo" na "isipokuwa". Anayezihitaji ni mtu aliyeshtuliwa usingizini saa nane usiku, taa zimezimika, moshi umeanza kuingia kwenye korido. Huyo hasomi, anakumbuka. Atakumbuka kitenzi kimoja, kisha kingine, na ole wake kama vimekaa kwa mpangilio usio wa kutenda.

Mimi ni afisa wa tatu. Kwa desturi ya meli nyingi, afisa huyu ndiye anayetunza vifaa vya kuokolea maisha na vya kuzimia moto, na ndiye anayemzungusha baharia mgeni siku anapopanda meli ili ajue pa kukimbilia. Ufilipino ni miongoni mwa nchi zinazotoa mabaharia wengi zaidi duniani, kwa hiyo mara nyingi wageni hao ni Wafilipino, na Kifilipino nimejifunza kwao, sitahani na mezani. Maoni yangu yanahusu maelezo wanayopewa siku hiyo, na kadi inayobaki ukutani kabini.

Kwanza, si kila kitu kitafsiriwe. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka kila meli iwe na lugha yake ya kazi, na lugha hiyo iandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu za meli. Palipo na Wafilipino, Waukraine na Mtanzania, lugha hiyo kwa kawaida ni Kiingereza. Amri ya kipaza sauti itatoka kwa Kiingereza hichohicho, na mabango ya ukutani yameandikwa hivyohivyo. Mtu akifundishwa jina la Kifilipino la kituo cha kukusanyikia, halafu bango likasema "MUSTER STATION" na kipaza sauti kikasema hivyo pia, tumempa kazi ya kutafsiri wakati anakimbia. Kwa hiyo majina ya mahali, majina ya vifaa, upande wa kulia na wa kushoto wa meli, na tamko la kuacha meli hubaki kama yalivyo ukutani. Kinachotafsiriwa ni kile ambacho mtu anatakiwa kufanya, yaani vitenzi. Na vitenzi vya Kifilipino ndipo penye mtego.

Chukueni sentensi ya kawaida ya chanzo. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Iwapo ishara ya dharura itasikika, mabaharia wote waelekee kwenye kituo chao baada ya kuvaa nguo za joto na jaketi la kuokolea, na wasipande mashua ya kuokolea isipokuwa wameagizwa na nahodha." Kitendo kinachotajwa kwanza ni kuelekea kituoni, lakini kinachofanywa kwanza ni kuvaa. Mwishoni kuna katazo lililofungwa ndani ya sharti. Tafsiri iliyotufikia kutoka ofisini ilihamisha mpangilio huo mzimamzima: "Pumunta sa muster station pagkatapos isuot…", yaani "nenda kituoni baada ya kuvaa". Masikio ya mtu mwenye hofu hushika neno la kwanza, na neno la kwanza hapo linamwambia aende. Atatoka bila nguo ya joto, na kwenye maji ya baridi nguo hiyo ni dakika za uhai.

Mpangilio ni rahisi kurekebisha: andika kwa zamu ya matendo, kitendo kimoja kwa mstari mmoja, na usitumie "kabla" wala "baada" hata mara moja. Umbo la kitenzi lilinichukua muda mrefu zaidi, na Mswahili halioni upesi.

Kwa Kiswahili, "panda" ni amri na "wamepanda" ni taarifa. Kiambishi kinatenganisha, huwezi kukosea. Kifilipino kina kundi kubwa la vitenzi ambavyo huchomekwa silabi "um" ndani ya mzizi. Mzizi "sakay", kupanda chombo, unakuwa "sumakay". "Labas", kutoka nje, unakuwa "lumabas". "Talon", kuruka, unakuwa "tumalon". Kwenye kundi hili umbo la kuamrisha na umbo la kitendo kilichokwisha ni lilelile. "Sumakay" ni "panda", na "sumakay" ni "alipanda". Ukiongeza "na", neno dogo linalobeba "sasa" na "tayari" kwa pamoja, mambo yanazidi kuwa magumu: "Sumakay na sa lifeboat" yaweza kuwa "pandeni mashua sasa" au "wameshapanda mashua".

Mezani hakuna anayechanganyikiwa, maana sura ya msemaji na mazungumzo yaliyotangulia vinaeleza. Redioni hakuna sura. Afisa yuko sitahani kushoto kwa meli, sarahangi, mkuu wa mabaharia wa sitahani, yuko kulia, upepo unavuma, nusu ya sentensi imekatika. Kinachomfikia sarahangi ni "sumakay na". Akidhani ni taarifa, ataanza kuhesabu watu walioko ndani ya mashua kumbe bado wamesimama wanasubiri. Akidhani ni amri, atawapandisha watu ambao nahodha hajatoa ruhusa wapande. Sarahangi wetu, mtu wa Iloilo, nilipomsomea mstari huo alinijibu mara moja: "Ukisema hivyo, sijui kama unanituma au unanipa habari."

Dawa iko ndani ya Kifilipino chenyewe. Vitenzi vinavyoanza kwa "mag", kwa "i" au kuishia kwa "in" hubadilika umbo vinapokwisha kutendwa. "Magsuot" ni amri ya kuvaa, "nagsuot" ni aliyevaa. "Isuot" ni amri, "isinuot" ni kimeshavaliwa. "Hintayin" ni amri ya kungoja, "hinintay" ni kilichongojwa. Basi badala ya "pumunta", nenda, tunaandika "magtungo", elekea. Ni neno rasmi kidogo, lakini kila Mfilipino amelisikia kwenye matangazo, na umbo lake la taarifa, "nagtungo", haliwezi kugongana nalo. Kadi yetu ikawa hivi:

```
7 MAIKLI + 1 MAHABA
1. Magsuot ng makapal na damit.
2. Kunin ang lifejacket at immersion suit.
3. Magtungo sa muster station.
4. Isuot ang lifejacket.
5. Manatili sa muster station.
6. Hintayin ang utos ng Kapitan.
```

Kichwa ni ishara yenyewe: milio mifupi saba au zaidi ya honi na kengele, kisha mmoja mrefu. Namba zimeandikwa kwa tarakimu kwa sababu Mfilipino anaweza kuhesabu kwa lugha yake, kwa Kihispania au kwa Kiingereza kutegemea anahesabu nini. Mistari inasema: vaa nguo nzito, chukua jaketi na suti ya kuzuia baridi ya maji, elekea kituoni, vaa jaketi, baki kituoni, ngoja amri ya nahodha. Huo ndio mpangilio wa orodha ya dharura ya meli yetu. Meli nyingine hutaka jaketi livaliwe kabla ya kutoka kabini, na kadi yake lazima ifuate orodha yake.

Angalieni kilichotokea kwa lile katazo la kupanda mashua. Limetoweka, na mistari miwili ya mwisho imechukua nafasi yake. Kukataza kwa Kifilipino ni kutanguliza "huwag" mbele ya kitenzi, na hapo pana hatari ya wazi: kelele ikimeza neno la kwanza, kinachobaki ni amri ya kufanya kilichokatazwa. Mfano mbaya kuliko yote ni mlango wa chumba cha injini baada ya gesi ya kaboni dayoksaidi kufunguliwa ili kuzima moto. Gesi ile inasukuma nje oksijeni, na anayeingia bila kifaa cha kupumulia anaanguka. Mlango ukifunguliwa, hewa inaingia na moto unaweza kurudi. "Huwag buksan ang pinto" ni "usifungue mlango"; ikikatwa mwanzo inakuwa "buksan ang pinto", fungua mlango. Mimi sitaki kuiona kwenye kadi yoyote. Iandikwe "Isara ang pinto. Iwanang sarado": funga mlango, uache umefungwa. Sentensi hiyo hata ikikatwa popote, haizai amri ya kufungua.

Jambo jingine ambalo Mswahili hulipita bila kuliona ni "sisi". Kifilipino kina "sisi" mbili: "tayo" inamjumuisha anayeambiwa, "kami" inamwacha nje. Anayetafsiri "tunaondoka" kwa "aalis na kami" amewaambia wasikilizaji kwamba wengine wanaondoka na wao wanabaki. Kwenye maelezo ya mdomo nashauri "sisi" isitumike kabisa. Taja nambari ya mashua. Na "po" ya heshima, pamoja na "paki" ya kuomba, ziachwe siku ya dharura. Najua Wafilipino huzihisi zinapokosekana, hasa kijana anapomwamrisha mtu mzima, kwa hiyo namweleza mgeni mapema kwamba amri za dharura hazina adabu kwa makusudi.

Redioni tumekubaliana hivi. Amri ni mzizi mtupu: "Sakay!" Taarifa ni umbo la hali: "Nakasakay na lahat, walo", wote wako ndani, wanane. Yakisikika kamili maneno hayo mawili hayagongani, ila kelele ikimeza "naka" kinachobaki ni "sakay na", na ndiyo maana taarifa inabeba idadi. Anayezungumza Kiingereza atumie vitangulizi vya misemo sanifu ya baharini iliyopitishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, mwaka 2001, vinavyotaja mwanzoni kabisa kama linalofuata ni agizo au habari.

Wapo maofisa wanaosema haya yote hayana haja, kwa kuwa Mfilipino anajua Kiingereza. Anajua kweli, na wengi wanakijua kuliko mimi. Lakini kuelewa sababu ya jambo kwa lugha yako kunakaa kichwani namna nyingine, ilimradi tafsiri ikae kando ya Kiingereza na isijaribu kukiondoa.

Kuijaribu tafsiri kwa kuirudisha kwenye Kiingereza hakutoshi, kwa maana "sumakay na" itarudi vizuri tu. Mimi humsomea mtu mmoja kwa redio akiwa karibu na injini, nikimtaka atende, na mwenzangu anaangalia miguu yake inakoelekea. Mtu huyo namchagua wa Cebu au wa Iloilo, ambaye Kitagalogi si lugha ya mama yake, kwa sababu Kifilipino cha taifa kimejengwa juu ya Kitagalogi na mwandishi wa Manila husahau jambo hilo. Akisita mahali, hata kwa pumzi moja, mstari huo unaandikwa upya siku hiyohiyo.

Kadi iwe na tarehe. Orodha ya dharura ikibadilika, kwa mfano mtu akihamishiwa mashua nyingine, kadi zote za zamani zitolewe kabini kabla mpya hazijabandikwa, na anayezitoa azihesabu.