Bei yako iko wapi kwenye huo moto?

Jana jioni nimeletewa tangazo la viatu vya shule, duka liko huku Kondele. Nanukuu: “🔥🔥👟 Viatu vya shule 💥 bei ni 1️⃣2️⃣0️⃣0️⃣💯 tu 😍🏃🏃”. Sasa hiyo 💯 imebandikwa ubavuni mwa bei ni ya nini? Dada yangu alidhani anapunguziwa shilingi 100. Alipofika dukani akaambiwa, “Hapana madam, hiyo ni ya kusema viatu ni safi.” Nauli ya matatu ndiyo hiyo imeenda.

Na hizo namba za vibox! Kwenye simu nzee hazitokei sawasawa, mara namba imepandwa na kimraba juu. Mtu anayesomewa skrini kwa sauti kwa sababu haoni, naye anasubiri moto mbili na kiatu zitajwe moja moja kabla hajaisikia bei.

Sichukii emoji. Weka moja tu, mwanzoni, ionyeshe unachouza. Bei iandike kwa tarakimu za kawaida, kwenye mstari wake, bila kitu kando. Kwa WhatsApp, izungushie nyota na itakolea wino:

```
👟 Viatu vya shule, vya ngozi
Namba 35 hadi 40
*KSh 1,200*
Kondele, tunafunga saa moja jioni
```

Wale watu wawili wanaokimbia, sijui hata walikuwa wanakimbilia wapi. Labda walikuwa wameiona bei.