MAC filter: inazuia nani hasa, na kipi kibaki mlangoni

"Nimeweka MAC filter kwenye rauta, nimesajili MAC, yaani namba za utambulisho, za simu za wapangaji wanaolipa tu, mwingine haingii hata akiwa na paswedi. Sasa mbona fundi kaniambia nisiitegemee, si ndo ulinzi mkubwa zaidi huo?"

Tuanze na kitu kimoja ambacho watu wengi hawajiulizi: huyo filter anakutana na nani. Mtu ambaye hana paswedi ameshazuiwa na paswedi, hata usingeweka filter asingeingia. Kwa hiyo anayebaki ni yule ambaye paswedi anayo tayari, kapewa na mpangaji, au kaskani ile QR ambayo Android tangu toleo la 10 inakuruhusu kumuonyesha mwenzio bila hata kuitamka paswedi. Huyo ndo mteja pekee wa filter, na swali lote linakuwa je huyo mtu mmoja filter inamzuia kweli au inamchelewesha kidogo tu.

Kwa upande wa wanaoitetea, kuna ukweli ndani yake na sio vizuri kuudharau. Chukua nyumba ya kupanga pale Sinza, vyumba nane, mwenye nyumba kaweka intaneti ya fiba na kila chumba kinachangia mwisho wa mwezi. Tatizo lake kubwa sio wadukuzi, ni mpangaji wa chumba namba tatu anayempa paswedi shemeji yake, shemeji anampa kinyozi wa nje, jioni rauta ina vifaa thelathini na mpira wa Simba unakwamakwama kwa wote. Kinyozi hajui MAC ni nini na wala hana mpango wa kujua, anaona simu imegoma kuunganika anaachana nayo, ananunua bando lake. Hapo filter imefanya kazi, na mwenye nyumba akikwambia "mbona kwangu inasaidia" hadanganyi.

Shida inaanza pale unapoiita ulinzi. MAC ni namba ya biti 48, inaandikwa tarakimu na herufi kumi na mbili, na haikutengenezwa iwe siri. Ni jina la kifaa hewani ili rauta ijue pakiti hii ni ya nani. Na kwa sababu rauta na simu lazima zisome hilo jina kabla ya kufungua kilichomo ndani, jina linasafiri wazi kwenye kila fremu, hata ukiwa na usimbaji wa waifai wa WPA2, hata ukiwa na WPA3. Usimbaji unafunika maudhui tu, haufuniki mtumaji na mpokeaji. Ni kama mlinzi wa ukumbi wa harusi aliyeambiwa awaruhusu waliovaa sare ya kitenge cha bluu tu, wakati sare yenyewe inaonekana toka barabarani na kitambaa kinauzwa Kariakoo.

Mtu mwenye laptopu na adapta ya waifai inayokubali kusikiliza tu bila kuunganika anakaa dakika chache anaona orodha ya vifaa vinavyoongea na rauta yako, tena vile vilivyoruhusiwa, maana ndo vinavyopitisha data. Na aliye ndani tayari hahitaji hata adapta, hizi programu za bure za kuskani mtandao kwenye laptopu zinamuonyesha MAC za majirani wote kama rauta haijawatenganisha. Afu kubadilisha MAC ya kwake ni amri chache tu kwenye Linux, wala sio udukuzi wa kwenye filamu.

Ukitaka kujua kama kuna mtu anatumia MAC ya mpangaji wako, dalili zipo ila zinakuja wakiwa hewani wote wawili kwa pamoja. Simu ya mwenye MAC inakatika na kurudi, inakatika na kurudi, bila sababu, kwa sababu rauta inaona kifaa kimoja kinachojichanganya. Kwenye orodha ya rauta kifaa ni kimoja lakini jina lake linabadilika, saa hizi ni simu, baada ya muda ni laptopu. Nguvu ya mawimbi nayo inaruka, sasa hivi -45 kama yuko sebuleni, sekunde chache baadae -80 kama yuko nje ya geti, na mtu haruki hivyo. Lakini mpangaji akiwa kazini na simu yake, mwingine akatumia MAC hiyo toka asubuhi hadi jioni, hakuna kitakachogongana na wewe hutaona kitu zaidi ya matumizi kuongezeka.

Hapo nimeongelea filter ya kuruhusu, yaani Allow. Ile ya kuzuia, Deny, ndo dhaifu kabisa siku hizi, kwa sababu simu zenyewe zimeanza kujibadilisha majina. Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020 zilileta MAC za kubuni kwa kila mtandao, ili maduka na viwanja vya ndege wasikufuatilie. Kitu kizuri kwa faragha, ila ukimblock mpangaji asiyelipa, anaingia kwenye mipangilio ya ule mtandao, anatoka kwenye MAC ya kubuni anaweka ile halisi ya simu, au kinyume chake, na kwa rauta yako huyo ni mtu mpya kabisa. Hajadownload chochote, kagusa sehemu moja tu.

Na hiyo hiyo inamuumiza hata mwaminifu kwenye Allow. Mpangaji kalipa, kafuta mtandao kwenye simu kwa bahati mbaya, au ana iOS 18 na kachagua Rotating, MAC yake inabadilika na anakugongea mlango usiku kwamba intaneti hakuna. Kuna njia rahisi ya kuijua MAC ya kubuni: angalia herufi ya pili toka kushoto. Ikiwa ni 2, 6, A au E, mara nyingi ni ya kubuni. Mfano `3A:5F:0C:91:7E:22` ina A pale, kwa hiyo usiisajili, mwambie mpangaji azime hiyo kitu kwa mtandao wako kwanza. Ndo maana mafundi wengi wanaichukia filter, kazi yake inamwangukia msimamizi na anayekusudia kuingia haimsumbui.

Sasa uegemee wapi? Kwanza paswedi yenyewe, na hapa ndo naona watu wanakosea zaidi kuliko hata kwenye filter. Mwenye nyumba akishaweka filter anajiona salama, anaweka namba yake ya simu kuwa paswedi. Tuipige hesabu. Namba za simu za mkononi za Tanzania zinaanza na 06 au 07, zinabaki tarakimu nane, jumla uwezekano ni milioni 200. Kwenye WPA2 mtu akinasa ile salamu ambayo simu na rauta zinapeana wakati wa kuunganika, anaenda nayo nyumbani na kuanza kukisia bila rauta yako kujua chochote. Kadi moja ya grafiki ya kuchezea magemu, tena ya zamani kidogo kama GTX 1080, inakisia kama mara 400,000 kwa sekunde. Gawanya, unapata sekunde 500, dakika nane na ushee namba zote zimeisha. Sasa chukua orodha ya maneno 2,000 ya kawaida ya Kiswahili, uchague matano kwa bahati nasibu, kweli bahati nasibu, sio methali wala jina la timu. Kadi ile ile itahitaji zaidi ya miaka 2,000 kuyamaliza yote. Na mpangaji anaweza kuyaandika bila kukosea, kitu ambacho huwezi kusema kuhusu zile paswedi za alama za ajabu ajabu.

Rauta ikiwa na WPA3, washa, kwa sababu pale kila kisio lazima kiongee na rauta moja kwa moja, ile ya kunasa na kwenda kukisia nyumbani haipo. Ila nyumba ya vyumba nane itakuwa na TV na simu za zamani zisizoijua, utaishia kwenye hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, na vile vifaa vya WPA2 bado salamu zao zinanaswa kama zamani. Kwa hiyo paswedi ndefu haikwepeki. Na WPS zima kabisa, ile njia ya kuunganika kwa PIN ya tarakimu nane badala ya paswedi. Toka 2011 inajulikana kwamba rauta inaikagua vipande viwili na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, kwa hiyo majaribio yanayohitajika ni 11,000 na sio milioni mia. Paswedi yako ya maneno matano haina maana kama huo mlango wa pembeni uko wazi.

Hata hivyo paswedi ndefu haimtibu yule shemeji, maana ikishagawiwa imegawiwa, na hii ndo hoja halali ya wanaoipenda filter. Dawa yake ni kila chumba kuwa na paswedi yake. Rauta za kawaida za kupewa na kampuni za intaneti mara nyingi hazina hiyo, ila rauta za MikroTik zinaiweza kwenye Access List, ambapo MAC inabaki kuwa jina na paswedi ndo inakuwa kufuli, amri hii ni ya zile zenye menyu ya wireless:

```
/interface wireless access-list
add mac-address=3C:11:22:33:44:55 private-pre-shared-key="paswedi ya chumba 3"
```

Mtu akiiga MAC ya chumba cha 3 bado anahitaji paswedi ya chumba cha 3. Paswedi ikivuja unajua imetokea wapi, unabadilisha moja bila kusumbua vyumba saba. Kuna faida nyingine ambayo haisemwi sana, kwenye WPA2 wote wakiwa na paswedi moja, mpangaji akinasa salamu ya mwenzie anaweza kufungua data yake ya hewani, wakati kila mmoja akiwa na yake hiyo haiwezekani. Usumbufu wa MAC za kubuni unabaki, sitakuficha, kila simu lazima iizime hiyo kitu kwa mtandao huu. Ukitaka kuukwepa unaenda kwenye WPA2-Enterprise yenye jina na paswedi kwa kila mtu, lakini hapo unahitaji seva ya RADIUS ya kuhakiki hayo majina na paswedi, na TV nyingi za nyumbani zitagoma kuunganika.

Ukiwa na rauta ya kawaida na hela ya kununua nyingine haipo, waweke wapangaji wote kwenye Guest Network, washa AP Isolation ili wasionane, afu ubadilishe paswedi ya Guest kila tarehe ya malipo na umpe aliyelipa tu. Kinyozi ataingia, ndio, ila mwisho wake ni mwisho wa mwezi. Na filter ukitaka uiache iwashwe juu ya hayo kwa ajili ya kinyozi, iache, mimi mwenyewe ningeizima siku ya tatu mpangaji wa iPhone akinigongea.