Kikapu kizuri, boksi kubwa: nani auze moja moja mtandaoni, nani apitie kwa mnunuzi wa jumla

Wengi wanaotaka kuuza vikapu nje kupitia mtandao huanza na picha na maelezo ya bidhaa. Ningependa waanze na utepe wa kupimia. Kinachoamua kama kikapu kitamfikia mnunuzi wa nje kwa bei anayoweza kuilipa ni ukubwa wa boksi lake. Uzuri wake hauingii kwenye hesabu hiyo, wala hata uzito wake halisi.

Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege hupima mzigo mara mbili. Kwanza huuweka kwenye mizani. Kisha huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita na kugawa jibu kwa 5000. Huo ndio uzito wa ujazo, na anayetuma hulipia uzito ulio mkubwa kati ya hiyo miwili. Chukua kikapu kigumu chenye kipenyo cha sentimita 40 na kimo cha sentimita 35. Boksi lake litakuwa kama 42 kwa 42 kwa 37, yaani sentimita za ujazo 65,268. Gawa kwa 5000, unapata kilo 13. Kikapu chenyewe pamoja na boksi hakifiki kilo 2. Mteja anatozwa nauli ya kilo 13, na sehemu kubwa ya anachokilipia ni hewa.

Shanga hazina shida hii. Bangili kumi zinaingia kwenye bahasha, na maswali yake ni ya aina nyingine: Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hauruhusu vito vya mapambo vyenye madini ya risasi ya asilimia 0.05 au zaidi, kwa hiyo inabidi ujue ndoano na vifungo vya chuma vimetoka wapi. Vinyago vizito hulipiwa uzito wa mizani, na kinachovisumbua ni mti wenyewe. Mpingo, kwa mfano, uko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, na mbao isiyokauka vizuri hupasuka ikifika kwenye nyumba yenye joto la hita. Kwa vikapu, shida kubwa ni ujazo, na hapo ndipo watu wanapotofautiana.

Upande mmoja unasema: badilisha kikapu kiendane na boksi. Hoja yao ina nguvu, na ushahidi upo. Vikapu vya Bolgatanga, kaskazini mwa Ghana, husukwa kwa nyasi na husafirishwa vikiwa vimebanwa bapa. Mnunuzi huvilowesha maji, huvirudishia umbo kwa mikono na kuviacha vikauke, akiangalia tu asiloweshe mpini wa ngozi. Kikapu cha namna hiyo kikiingia kwenye boksi la 45 kwa 40 kwa 10, uzito wake wa ujazo ni kilo 3.6. Vikapu vinavyozungushiwa na kushonwa kwa nguvu havikunjiki, lakini vyenyewe vimepata njia nyingine: vinasukwa vikiwa sahani pana zisizo na kina na kuuzwa kama mapambo ya ukutani. Sahani ya sentimita 30 kwenye boksi la 32 kwa 32 kwa 9 haifiki kilo 2 za ujazo. Tano zikipangwa moja juu ya nyingine hubaki chini ya kilo 4, kwa hiyo mteja anayenunua seti analipa nauli ndogo sana kwa kila moja.

Faida ya pili ya kupunguza boksi haionekani mapema. Soko la mtandaoni la Etsy, kwa mfano, hukata asilimia 6.5 ya bei ya bidhaa pamoja na pesa ya usafirishaji unayomtoza mteja. Nauli ikiwa kubwa kuliko bei ya kikapu, muuzaji anakatwa zaidi kwa ajili ya nauli kuliko kwa kazi ya mikono.

Upande wa pili unasema: mwache msusi asuke kikapu chake kirefu, na mzigo uende kwa jumla. Nao wana hesabu yao. Vikapu vilivyopanuka juu huingiana. Vikapu kumi vya ukubwa ule wa mwanzo, kila kimoja kikitokeza sentimita 5 juu ya mwenzake, hufanya mnara wa sentimita 80. Mita moja ya ujazo inabeba minara kama sita hivi, yaani vikapu 60, na mzigo mwepesi wa meli hulipiwa kwa mita za ujazo. Nauli ya kikapu kimoja inakuwa sehemu ndogo tu ya ile ya ndege.

Sheria za forodha nazo zimeupa upande huu uzito. Tangu tarehe 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya hutoza kodi ya ongezeko la thamani hata kwa kifurushi kidogo. Marekani nayo, tarehe 29 Agosti 2025, iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800. Mteja anayedaiwa pesa mlangoni bila kuambiwa mapema mara nyingi hukataa mzigo, na kikapu kurudi kwa msusi ni hasara tupu. Mnunuzi wa jumla humalizana na forodha mara moja kwa mzigo mzima.

Lakini jumla ina masharti magumu. Mwenye duka kwa kawaida huuza kwa mara mbili ya bei aliyonunulia au zaidi, kwa hiyo msusi hapati zaidi ya nusu ya bei ya rafuni. Tena anaagizwa vikapu 60 vinavyofanana. Kikapu kimoja kikiwa na mdomo mwembamba kwa sentimita 2, hakipokei mwenzake, mnara unarefuka na boksi halifungi. Kinachosaidia ni kila msusi kuwa na kipimo kilekile: kijiti chenye alama za kimo na pete ya waya ya mdomo. Kumwambia tu "kama hiki" hakutoshi.

Na safari ya meli ni ndefu. Kikapu kilichofungwa kikiwa na unyevu hufika na madoa ya ukungu, na mzigo wote unaweza kukataliwa. Kugusa kwa mkono hakutoshi kujua kama kimekauka. Kipime, kiache siku nzima mahali pakavu penye hewa, kisha kipime tena. Kama uzito umepungua, bado kina maji. Rangi nayo ijaribiwe kwa kusugua kitambaa cheupe kilicholowa, kwa sababu ndani ya mnara rangi mbichi huhamia kwenye kikapu cha jirani.

Kwa maoni yangu, anayeanza na wasusi watatu au wanne asiende jumla. Hawezi kutimiza oda, na akikosa tarehe moja anampoteza mnunuzi. Auze vinavyobanika na sahani za ukutani, na ushuru auweke ndani ya bei. Kikundi kikubwa chenye kipimo cha pamoja kiende jumla na kikapu chake kirefu.

Wanaotetea sahani, hata hivyo, huruka jambo moja ambalo linanisumbua. Kusimamisha ukuta wa kikapu kirefu bila kupinda ni ujuzi wa miaka, na sahani haiuhitaji. Oda zikiwa za sahani tu, binti anayejifunza leo hatafika huko. Kikundi kinachouza sahani kinaweza kuweka bei ya ufundi ya kikapu kirefu juu zaidi kwa kila siku ya kazi, na kuvisuka vichache kwa oda maalumu ya mteja aliyekwisha kuelezwa nauli.