Kabla ya kulaumu chakula, pima mlango

Wafugaji wakijadili chakula cha ziada cha wanakondoo na vitoto vya mbuzi kabla ya kuachishwa kunyonya, mazungumzo huishia kwenye mchanganyiko. Mimi naona kosa mara nyingi liko mlangoni.

Chumba cha watoto ni kona yenye uzio ambao mtoto hupenya na mama hapenyi. Changu cha kwanza kilikuwa na nafasi za sentimita 25 kati ya mbao. Kila asubuhi kihori kilikuwa kitupu, nikafurahi, ila watoto hawakuongezeka uzito. Siku ya tano niliinama nikaona manyoya marefu yamenasa kwenye mbao, na ndani kinyesi cha mnyama mkubwa. Kondoo mmoja mwembamba, aliyezaa mara ya kwanza, alikuwa akijibana na kuingia usiku. Nilipigilia ubao mwingine, nafasi zikabaki sentimita 17. Kesho yake chakula kilibaki, kimelambwalambwa pembeni tu. Hiyo ndiyo ilikuwa picha ya kweli.

Tangu hapo mbao zangu husogezwa, kwa sababu watoto wanakua. Chumba nakiweka karibu na mahali mama zao wanapolala, pakavu na penye mwanga. Mtoto asiyemwona mama yake hakai ndani.

Naanza wakiwa na siku 10 hadi 14. Watakula kidogo sana kwa wiki kadhaa, na watu wengi hukata tamaa hapo. Wasikate. Nafaka inayochachuka tumboni ndiyo inayolikomaza tumbo kuu, na maziwa ya mama hufikia kilele wiki ya 3 au ya 4 kisha hupungua. Pacha ndio wanaofaidi zaidi, kwa kuwa wanagawana chuchu.

Kwa kilo 10 nachanganya mahindi yaliyoparazwa kilo 6.8, mashudu ya soya kilo 2.8, molasi gramu 200, chokaa ya mifugo gramu 150 na madini ya kondoo gramu 50. Protini inafika kama asilimia 18. Chokaa si pambo: nafaka ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na madume wakikosa uwiano hupata mawe ya mkojo. Urea siweki kabisa. Madini ya ng'ombe au ya mbuzi usiwape kondoo, shaba iliyomo huwaua polepole.

Kihori nakitundika juu kidogo wasikikanyage, kwani kinyesi kwenye chakula huleta ugonjwa wa kuhara wa koksidiosi. Mabaki ya jana nawapa mama. Na kisikae kitupu siku nzima kisha kijazwe ghafla: mtoto mwenye njaa hushindilia nafaka, na sumu ya bakteria wa utumbo humuua usiku mmoja, mara nyingi yule mnene kuliko wote. Kwa hiyo mama huchanjwa wiki chache kabla ya kuzaa, ili kinga imfikie mtoto kwa maziwa ya kwanza.

Mwanakondoo namwachisha ziwa anapokula gramu 250 hivi kwa siku, si kalenda ikisema.