Shajar si wingi wa shajara

Jana baada ya magharibi mpwa wangu aliniletea daftari lake la Kiarabu, machozi yakimlengalenga. Alikuwa ameandika "ash-shajar al-akhdar", miti ya kijani, na mwalimu kampigia kosa kwa wino mwekundu, pembeni kaandika "al-khadraa". Sababu waliyopewa darasani: shajar ni wingi, na wingi wa kisicho binadamu huchukua sifa ya kike.

Nikamwambia, "Mwanangu, hebu nisomee Yasin." Anaijua kwa moyo, maana kwetu haipiti khitma bila kusomwa. Alipofika aya ya 80 alisimama mwenyewe: mina sh-shajari l-akhdari naaraa. "Mjomba, kwa hiyo sikukosea?"

Hakukosea, na inaniuma sana mtoto kuadhibiwa kwa neno lililomo kifuani mwake. Shajar ni jina la jinsi nzima, miti kama kitu kimoja, na kisarufi linakwenda kama umoja wa kiume. Ukitaka kuchomoa mti mmoja humo ndipo unapoongeza herufi ya taa marbuta mwishoni: shajara. Sisi tuna unywele na nywele, ukuni na kuni. Tunaongeza u mbele kupata mmoja, wao wanaongeza mkia nyuma. Wingi wenyewe ni ashjaar, na hapo kanuni ya mwalimu inasimama barabara: ashjaar khadraa.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kike nacho kipo. Watu wa Hijazi waliyatia majina haya kwenye kike, Tamim na Najd kwenye kiume, na Qurani ina yote mawili kwa mtende uleule: "nakhlin munqa'ir" katika Al-Qamar, "nakhlin khaawiya" katika Al-Haaqqa. Mwalimu angeandika pembeni kwamba zote mbili zinafaa, ningemshukuru. Lakini alikata iliyo sahihi.

Kosa hili lina ndugu yake: kudhani ile taa ni ya kike siku zote, kwamba baqara ni jike na baqar ni dume. Baqara ni ng'ombe mmoja, awe dume au jike. Kaumu ya Musa waliamriwa kuchinja baqara, mmoja. Katika aya ya 70 ya sura ya Al-Baqara wakajibu "inna l-baqara tashaabaha alaynaa". Sikio linasikia neno lilelile, lakini ile "a" ya mwisho ni fat-ha iliyoletwa na inna. Neno lenyewe ni baqar, ng'ombe kwa jumla. Kinachokuhakikishia ni kitenzi: tashaabaha, cha kiume. Wanasema ng'ombe wote wanafanana machoni mwao, hawajui ni yupi. Ukisoma neno hilo kama ng'ombe mmoja, malalamiko yao yanapotea kabisa.

Kwenye hesabu unarudi kwa yule mmoja: tende tatu ni thalaath tamaraat, si tamr.

Mpwa wangu ameiandika aya ya 80 kwa penseli chini ya lile kosa, na kesho analirudisha daftari. Nimemwambia aulize kwa adabu, nami nitakuwa nje ya mlango.