Selform bado haijafungwa kwako

"Karatasi ya mwisho ya kidato cha nne imeisha, alhamdulillahi! Ila sasa nikae tu hapa Mtwara hadi matokeo? Sijui mbele kuna nini."

Hongera mdogo wangu, pumzika, usaidie nyumbani kuokota korosho. Matokeo kwa kawaida hutoka Januari, na hapo ndipo kazi inaanza, maana tahasusi, yale masomo matatu ya kidato cha tano, uliyojaza kwenye fomu ya Selform kabla ya mtihani uliijaza bila kujua alama zako. TAMISEMI hufungua mfumo wa selform.tamisemi.go.tz kwa muda baada ya matokeo ili ubadilishe. Wengi hupitwa na muda huo, halafu Juni wanashangaa majina yao hayapo kati ya waliochaguliwa kidato cha tano.

Tuseme uliweka PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, matokeo yakaja hivi: Kiswahili B, Jiografia B, Biolojia B, Historia C, Kemia C, Fizikia D, Kiingereza D. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4. Masomo saba bora yanakupa 20, yaani daraja la pili. Daraja zuri, lakini ile D ya Fizikia inaibomoa PCB. Hapo usiangalie daraja, angalia masomo matatu ya tahasusi. CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, inakupa pointi 7; HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, nayo 7, na zote hazina D. Anayependa afya aiweke CBG kwanza.

Andika namba yako ya mtihani kwenye daftari leo, pamoja na jina kama lilivyosajiliwa. Ukikosea, mfumo unaweza kukukatalia.